Baba alikopesha kwa mdomo tu, sasa mdaiwa anasema "leteni karatasi"

Dada shikamoo. Baba yetu amefariki miezi michache iliyopita, familia imenichagua mimi niwe msimamizi wa mirathi na maombi yapo mahakamani ila bado sijathibitishwa. Shida yangu ni rafiki yake baba, mtu wa karibu kabisa, alikopeshwa milioni 6 akatengeneza injini ya lori lake. Hawakuandikiana chochote. Mama alikuwepo wakati wanaongea, na huyo mzee alishaanza kurudisha kidogo kidogo kabla baba hajaanza kuumwa. Msibani aliniambia kabisa mbele ya shemeji yangu kwamba "deni la baba yenu nalijua, tulieni kwanza". Juzi nimempigia anasema baba alimsaidia tu kama ndugu, kama tunasema ni deni tulete karatasi. Na kaka yangu naye alichukua milioni 1 kwa baba, nikimgusia anasema hela ya baba yake haiwezi kuwa mkopo. Ndugu wengine wanataka twende polisi. Nifanyeje dada, haya madeni yanadaika kweli bila maandishi?

JIBU

Marhaba mdogo wangu, pole sana kwa msiba. Yanadaika. Mkopo wa mdomo ni mkopo, sheria za nchi nyingi haziwalazimishi watu wawili waandikiane ndo deni liwepo, karatasi ni ushahidi tu na ushahidi upo wa aina nyingi. Kwaio huyo mzee akikwambia "leteni karatasi" asikutishe, kinachotakiwa ni wewe kuweza kumuonyesha hakimu kwamba maelezo yako yana uwezekano mkubwa wa kuwa kweli kuliko ya kwake. Kesi ya madai haipimwi kama kesi ya jinai ambapo lazima isibaki shaka ya msingi, hapa inapimwa mizani imeelemea wapi.

Ila kuna kitu watu wengi wanakosea na nataka ukishike kabla ya yote. Unatakiwa kuthibitisha vitu viwili, sio kimoja. Cha kwanza hela ilitoka kwa marehemu ikaenda kwake. Cha pili ilienda kama mkopo, maana yake kulikuwa na makubaliano ya kurudisha. Familia nyingi zinakimbilia benki zinarudi na statimenti inayoonyesha hela imetumwa, zinadhani kazi imeisha, kumbe mdaiwa hata hakatai kupokea, anachosema ni kwamba alipewa zawadi, au yeye ndo alikuwa anamdai marehemu akawa analipwa, au waliingia biashara pamoja ikafa. Statimenti peke yake haijibu hayo yote. Kwaio kila ushahidi unaoupata jiulize, huu unaonyesha hela kutoka au unaonyesha ilitakiwa kurudi?

Na kwa bahati nzuri wewe unacho kitu ambacho ni kikubwa kuliko unavyodhani, hizo hela alizoanza kurudisha. Mtu aliyepewa zawadi hairudishi. Tuseme ukipata statimenti ya baba unakuta milioni 4 imehamishwa kwenda kwenye akaunti ya huyo mzee, na asubuhi hiyohiyo baba ametoa milioni 2 taslimu dirishani. Halafu miezi inayofuata unaona laki 5 inaingia kutoka kwa huyo mzee, mwisho wa mwezi, halafu laki 5 nyingine mwisho wa mwezi unaofuata, halafu ya tatu, alafu inakata kipindi baba alipolazwa. Hiyo ni hadithi nzima imeandikwa na benki yenyewe. Viwango vinavyolingana, tarehe zinazofuatana, mtu mmoja, na inakatika pale ambapo mdai hawezi tena kufuatilia. Hakimu akimuuliza huyo mzee "hizi laki 5 tatu zilikuwa za nini?" atahitaji jibu linaloeleweka, na "nilikuwa namsaidia tu" inakuwa ngumu kumeza kama mwezi mmoja kabla yeye ndo alikuwa anasaidiwa mamilioni. Chapa hiyo miamala ipigie mstari.

Sasa uangalie hapo hapo kwenye hesabu, maana mi napenda mtu aende kudai akijua anasimama wapi. Kwa mfano huohuo, mliambiwa ni milioni 6, amerudisha milioni 1 na laki 5, kwaio deni ni milioni 4 na nusu. Lakini kinachothibitika kwa maandishi ya benki ni milioni 4 kutoka, ukitoa alizorudisha inabaki milioni 2 na nusu. Ile milioni 2 taslimu ina ushahidi nusu tu, statimenti inaonyesha baba aliitoa benki, haionyeshi ilimfikia nani. Hapo ndo mama yenu anaingia. Kama aliona ikihesabiwa mezani na kukabidhiwa, sawa, kama alisikia tu kwamba itatolewa hiyo ni kitu kingine. Kwaio mna namba mbili kichwani, milioni 4 na nusu ndo mnayodai, milioni 2 na nusu ndo sakafu, chini ya hapo msikubali kirahisi. Zikija mazungumzo ya kupunguza mtajua mnapunguza kutoka wapi hadi wapi. Na msiongeze riba yoyote ambayo baba hakukubaliana nayo, ukidai kitu kimoja cha uongo unachafua na vile vya kweli.

Tuje kwa mashahidi, hapa kuna tofauti ambayo watu hawaijui. Shahidi aliyemsikia MAREHEMU akisema "fulani namdai" ana uzito mdogo, maana marehemu hawezi kuitwa kuulizwa maswali, na nchi nyingi zina masharti kuhusu lini maneno ya mtu aliyekufa yanapokelewa. Shahidi aliyemsikia MDAIWA mwenyewe akisema "nadaiwa na fulani" huyo ni dhahabu, kwa sababu maneno ya mtu kukubali jambo linalomuumiza yeye mwenyewe yanapokelewa dhidi yake. Kwaio yale maneno ya msibani, "deni la baba yenu nalijua", ndo ushahidi wako mzuri kuliko hata daftari. Shemeji yako aandike leo, sio kesho, alichosikia, maneno yaleyale kadri anavyoyakumbuka, siku gani, walikuwa wamekaa wapi, nani mwingine alikuwepo, asaini aweke tarehe. Asiongeze. Kama huyo mzee hakutaja kiasi siku hiyo basi shemeji asiandike kiasi, wakili wa upande wa pili akimkamata kwenye kitu kimoja alichopamba basi na cha kweli kinaenda na maji. Mama naye aandike ya kwake, peke yake, msikae pamoja mkaandika maneno yanayofanana neno kwa neno maana hiyo inanuka kupangwa hata kama ni kweli tupu.

Mama ni mrithi kwaio watasema ana maslahi, ni kweli, lakini hiyo haimzuii kutoa ushahidi, inapunguza uzito tu. Ndo maana unatafuta na mtu wa nje. Fundi aliyetengeneza ile injini kwa mfano. Alilipwa lini, alilipwa na nani, je mwenye lori alimwambia hela kaipata wapi? Aliyeuza spea ana risiti? Kama hela ya baba imetoka tarehe 3 na injini imelipiwa tarehe 5 hapo unaona mnyororo unajifunga wenyewe, na fundi hana urithi wowote kwenu.

Kama baba alikuwa na daftari au kidaftari cha mfukoni, litafuteni, hata kipande cha kalenda ukutani chenye jina na namba. Ila ujue mpaka wake. Kwenye nchi nyingi zilizorithi sheria za ushahidi za mtindo wa Uingereza na India, kumbukumbu za hesabu alizoandika mtu mwenyewe zinapokelewa kama alikuwa na kawaida ya kuziandika katika shughuli zake, lakini peke yake hazitoshi kumbebesha mtu mwingine deni, lazima ziungwe na kitu kingine. Na ni haki kabisa, vinginevyo kila mtu angejiandikia anamdai jirani. Kwaio daftari lenye "milioni 6" pamoja na statimenti yenye milioni 4 na laki 5 tatu, hivyo viwili vinashikana mkono. Msilichane karatasi, msiongeze kitu kwa kalamu nyingine, hata kujumlisha pembeni msijumlishe. Piga picha kurasa zote hadi zile zisizohusu, maana ukurasa mmoja uliotolewa peke yake unaleta maswali.

Simu ya baba, hapa nakusihi sana. Usiruhusu mtu aifute, aiuze wala ampe mtoto achezee. Meseji za "mzee nimetuma, bado kidogo" zimo humo ndani. Laini iwe inawekewa salio na kutumika kidogo, maana laini isiyotumika muda mrefu mtandao unaifunga na namba anaweza kupewa mtu mwingine kabisa, na WhatsApp nayo akaunti ikikaa siku 120 bila kutumika kwa kawaida hufutwa. Piga skrinshoti zinazoonyesha jina, namba yenyewe na tarehe, lakini simu yenyewe muitunze pia, skrinshoti inaweza kupingwa kwamba imetengenezwa, simu yenyewe ikiwepo mezani inakuwa vigumu kupinga. Na jambo moja la kukataza, msitumie namba ya siri ya baba kuingia kwenye pesa zake za simu mkahamisha. Hela ile ni ya mirathi, na mtu aliyekufa akionekana ametuma hela wiki mbili baada ya kuzikwa mnajitengenezea kesi yenu wenyewe. Taarifa ya miamala mtaiomba rasmi ukishapata hati ya usimamizi, benki na kampuni ya simu zitakupa.

Hilo linanileta kwenye suala la mamlaka. Sa hivi wewe bado huna nguvu ya kupokea hela. Unaweza kukusanya ushahidi, kutunza vitu, hata kumkumbusha mtu kwa heshima, lakini anayedai na kupokea kwa niaba ya marehemu ni msimamizi aliyethibitishwa. Na hii sio urasimu tu, inamlinda hata mdaiwa. Akimpa kaka yako leo laki 8 mkononi, kesho ukithibitishwa unaweza kumwambia mirathi haijapokea kitu, na atakuwa amelipa mtu asiyekuwa na mamlaka. Wadaiwa wajanja wanajificha hapohapo, wanasema "nilishampa mkubwa wenu". Kwaio waambie ndugu zako wote, mtu yeyote asipokee hata senti kutoka kwa wadaiwa wa baba. Na ukiwa unajaza orodha ya mali kwa ajili ya mahakama, liingize hilo deni kama mali, jina la mdaiwa, kiasi, na kwamba ni mkopo wa mdomo. Ukiliacha nje halafu ukaja kulidai baadae atakuuliza kwanini wakati unaorodhesha mali hukulikumbuka.

Sasa kumuandikia. Usianze na barua ya wakili, barua kali inamfanya mtu aende kwa wakili wake na wakili wake atamwambia nyamaza, usijibu kitu. Unachotaka wewe kwanza ni aongee kwa maandishi. Juzi mmeongea kwa simu, hamna kilichobaki hapo. Mtumie meseji ya heshima, ya kweli, yenye maelezo kamili, kitu kama hiki, ila weka namba zenu halisi badala ya hizi za mfano wetu:

"Shikamoo mzee. Tunashukuru ulivyokuwa nasi kipindi chote cha msiba. Naandaa orodha ya mali na madeni ya baba kwa ajili ya mahakama. Kumbukumbu tulizonazo zinaonyesha baba alikukopesha milioni 6 kwa ajili ya injini ya lori, na ulisharudisha milioni 1 na laki 5 kwa awamu tatu, ikabaki milioni 4 na laki 5. Naomba uniambie kama hesabu hii iko sawa au kuna ulicholipa ambacho hatujakiona, ili tusiandike kitu kisicho sahihi."

Soma tena uone inavyofanya kazi. Haimtishi, haiombi hela, inamuomba asahihishe. Na binadamu akiona hesabu sio sawa mkono unamuwasha kusahihisha. Akijibu "hapana, nilirudisha milioni 2", keshakubali kulikuwa na deni na kwamba alikuwa analipa. Akijibu "taslimu alinipa milioni 1 tu sio 2", keshakubali mengine yote mnabishania milioni 1. Akijibu "mambo yakikaa sawa ntaendelea", hapo huna haja ya kubishana tena. Akinyamaza kabisa, kunyamaza sio kukubali, usije ukajidanganya, ila itakuwa kwenye kumbukumbu kwamba aliulizwa kwa adabu na hakukana. Weka namba za kweli tu. Kuna watu wanaandika kiasi kikubwa makusudi ili mtu akanushe kwa kutaja cha kweli, usifanye hivyo, meseji hiyohiyo ndo itasomwa mahakamani na wewe ndo utaonekana muongo. Na habari ya kumrekodi kwa siri kwenye simu, sheria zinatofautiana sana nchi na nchi, kuna sehemu ni kosa, usiifanye kabla hujaulizia kwa mwanasheria wa kwenu.

Akija na "nilishalipa zote", usivunjike moyo, hilo jibu lina faida kwako kuliko anavyofikiri. Mtu anayesema nimelipa amekubali kwamba alikopa, na kwa kawaida anayedai kuwa alilipa ndo anatakiwa aonyeshe alilipa lini, vipi, kwa nani. Akija na "ilikuwa zawadi" bado wewe una kazi, na hapo ndo zile laki 5 tatu, maneno ya msibani na fundi vinakusanywa pamoja. Akija na "hata mimi nilikuwa namdai baba yenu" msikilize kwa makini, usimfokee, maana inawezekana ni kweli. Kama baba alikuwa amebeba mizigo na lile lori akawa hajalipa, hiyo inakatwa kwenye deni, lakini na yeye athibitishe kama wewe unavyothibitisha.

Akikubali, usiridhike na meseji. Mwandikiane hati, ukurasa mmoja unatosha. Majina kamili na namba za vitambulisho, mkopo ulitolewa na marehemu kiasi gani na lini, kilichorudishwa, kilichobaki leo, atalipa kiasi gani kila tarehe ngapi, hela inaingia akaunti gani, na kwamba akiruka awamu basi kilichobaki chote kinadaika kwa mkupuo. Asaini yeye, usaini wewe kama msimamizi, na mashahidi wawili ambao angalau mmoja awe wa upande wake, huyu wa upande wake ni muhimu sana maana siku akigeuka hawezi kusema mlimzunguka. Awamu ziwe za kiasi anachokiweza. Laki 3 kila mwezi kwa miezi 15 inayolipwa ni bora kuliko milioni 1 kwa mwezi itakayokatika mwezi wa pili. Hela iingie akaunti ya mirathi, sio simu ya mama, na kila akilipa mpe risiti inayoonyesha kilichobaki.

Kuna sababu nyingine ya kuitaka hiyo saini haraka. Madeni yana ukomo wa muda wa kudaiwa. Kenya, Tanzania na Uingereza madai ya makubaliano ya kawaida kama haya ni miaka 6, India ni 3. Mkopo ambao haukuwekewa tarehe ya kurudisha una mtego, maana watu wanadhani muda unaanza pale unapodai, wakati sehemu nyingi unaweza kuhesabiwa tangu siku hela ilipotoka. Kwaio wewe hesabu kwa tarehe ya mwanzo kabisa ili uwe salama, wala usitegemee kwamba kifo kimesimamisha saa. Kinachoweza kuianzisha saa upya kwenye nchi nyingi ni mdaiwa kukubali deni kwa maandishi yaliyosainiwa, au kulipa sehemu ya deni, na viwili hivyo vifanyike kabla muda haujaisha. Umeona sasa kwanini ile laki 5 ya mwisho ni muhimu mara mbili? Tafuta tarehe yake halisi. Ukiona muda umebana na usimamizi haujatoka, mwambie karani wa mahakama au wakili kwamba kuna deni linakaribia kuisha muda, zipo nchi zinazotoa usimamizi wa muda kwa ajili ya kulinda mali kama hiyo.

Polisi msiende. Mkopo ambao mtu ameshindwa au amekataa kulipa ni madai, sio jinai, labda kama alichukua kwa ulaghai tangu mwanzo, na hapa hakuna, alitengeneza injini kweli na akaanza kulipa. Mkimpeleka polisi mtapata siku mbili za kelele halafu mtaambiwa mkafungue madai, na yeye atakuwa ameshafunga mdomo. Vilevile jina lake msilirushe kwenye magrupu ya familia. Mkishindwana kabisa, tuma barua rasmi ya kudai yenye siku za kujibu, baada ya hapo fungua madai, nchi kadhaa zina mahakama za madai madogo zenye taratibu rahisi ambapo unaweza kusimama mwenyewe, uliza kama kiasi chenu kinaingia humo. Kabla ya kufungua pima gharama na ile sakafu ya milioni 2 na nusu, na uliza huyo mzee ana nini cha kulipia. Lori lipo bado? Hukumu dhidi ya mtu asiye na kitu ni karatasi.

Kaka yako sasa. Kisheria deni lake ni gumu kidogo kuliko la yule mzee, maana hela ikitoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto mahakama za nchi nyingi zinakuwa tayari zaidi kuamini ni zawadi, kwaio mnahitaji kitu kinachoonyesha wazi baba alitaka irudi, meseji ya kumkumbusha, au yeye alishawahi kurudisha kidogo, au watoto wengine wakikopa walikuwa wanarudisha. Kama hamna chochote, nakushauri usilipiganie hilo mahakamani, milioni 1 haistahili kuvunja undugu kwa ushahidi ambao haupo. Ila kama kipo au akikubali mwenyewe, huhitaji hata kumshtaki, deni la mrithi linakatwa kwenye fungu lake siku ya kugawa. Liongeleeni kwenye kikao wote mkiwepo na liingie kwenye muhtasari. Na akiomba asamehewe, wewe kama msimamizi usisamehe kwa mdomo wako peke yako, ile sio hela yako ni ya warithi wote, wakikubali wote wasaini, na hilo lifanyike mkishajua kama baba naye hadaiwi, maana waliokuwa wanamdai baba wanalipwa kwanza kabla ya mrithi yeyote.

Kwaio wiki hii mpe shemeji na mama karatasi waandike kila mtu ya kwake, funga simu ya baba sehemu salama, mtafute fundi wa injini, na ile meseji, ikiwa na namba mnazozijua kweli tu, unaweza kuituma hata leo kwa sababu haidai hela. Hati ya usimamizi ikitoka nenda benki uombe statimenti kuanzia mwezi mmoja kabla ya mkopo hadi siku ya msiba, ukiona alirudisha zaidi ya mlichokuwa mnakijua mwandikie huyo mzee umwambie umeiona na umemkatia.